Mama Aliyepona, Tezi Iliyokufa: Uchambuzi wa Ugonjwa wa Sheehan

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba makumi ya maelfu ya wanawake hufariki kila mwaka kwa kutokwa damu baada ya kujifungua. Hesabu hiyo huishia kwa waliofariki. Waliookolewa kwa dripu, damu ya kuongezewa na mikono ya wakunga huruhusiwa kurudi nyumbani na kuandikwa kuwa wamepona, na wengi wao wamepona kweli. Lakini wamo wachache ambao tezi moja ndogo iliyo chini ya ubongo ilikufa saa ile ile walipokuwa wamezirai. Hawa huja kuishi miaka kumi, pengine ishirini, wakitibiwa malaria, upungufu wa damu, kushuka kwa presha na sonona, bila mtu kuunganisha maradhi yao na ule uzazi.

Ugonjwa wenyewe unaitwa ugonjwa wa Sheehan, na katika nchi ambazo damu ya akiba haitoshi na kina mama wengi hujifungulia mbali na hospitali, bado upo. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba hatuupotezi kwa sababu ya kukosa mashine. Tunaupoteza kwa sababu historia ya mgonjwa hukatwa vipande viwili: kipande cha damu hubaki wodi ya wazazi, na kipande cha uchovu, baridi na kukosa hedhi huenda kwa daktari mwingine miaka mingi baadaye. Kati ya vipande hivyo ipo dalili moja inayoviunganisha, nayo ni maziwa ambayo hayakutoka.

Tezi ya pituitari ina ukubwa wa punje ya njegere, na imekaa ndani ya kishimo cha mfupa nyuma ya pua. Ina sehemu mbili. Ile ya mbele ndiyo inayotuma homoni za kuziamrisha tezi nyingine: thairoidi iliyo shingoni, adrenali zilizo juu ya figo, na ovari. Ndiyo inayotoa pia homoni ya ukuaji, na prolaktini, ambayo huliambia titi litengeneze maziwa. Mwanamke akishika mimba, chembe zinazotengeneza prolaktini huongezeka mno, na tezi inaweza kukaribia ukubwa mara mbili ya ule wa kawaida. Kishimo cha mfupa hakiongezeki. Tezi iliyovimba inabanwa, na mahitaji yake ya damu yako juu kuliko wakati wowote mwingine wa maisha.

Hapo ndipo udhaifu wa maumbile unapojitokeza. Sehemu ya mbele haipati damu yake nyingi moja kwa moja kutoka kwenye ateri. Huipata kupitia vishipa laini vinavyoshuka kutoka sehemu ya ubongo iliyo juu yake, na ndani ya vishipa hivyo msukumo wa damu ni mdogo hata mtu akiwa mzima. Mama akitokwa damu nyingi na presha ikaporomoka, mwili huipeleka damu iliyobaki kwenye moyo na ubongo, na mishipa mingine hujibana. Tezi iliyovimba na kubanwa hukosa hewa na kuanza kufa. Sehemu ya nyuma, ambayo ina ateri yake yenyewe, kwa kawaida husalimika, na ndiyo maana wengi wa wagonjwa hawa hawapati ule ugonjwa wa kukojoa maji mengi kupita kiasi unaotokana na kukosa homoni ya kuzuia mkojo.

Mtaalamu wa patholojia Harold Sheehan alilichapisha jambo hili mwaka 1937, baada ya kuchunguza maiti za wanawake waliokufa baada ya kujifungua katika hospitali ya wazazi ya Glasgow, Uskochi. Hakuwa wa kwanza kuliona. Leon Gliński wa Krakow alikwisha kuandika juu yake mwaka 1913, kwa Kipolandi, na mwaka uliofuata Morris Simmonds wa Hamburg alieleza hali ya mwili kudhoofika kwa kufa kwa tezi hiyo. Alichokifanya Sheehan ni kufunga uhusiano: aliyetokwa damu nyingi hadi kuzirai ndiye ambaye tezi yake hufa. Mpaka leo haijafahamika kikamilifu kwa nini wanawake wawili wakimwaga damu ya kiasi kile kile, mmoja husalimika na mwingine hasalimiki. Yawezekana kishimo cha mfupa ni chembamba zaidi kwa baadhi ya watu. Yawezekana damu huganda ndani ya vile vishipa. Wapo pia wagonjwa wenye kingamwili dhidi ya tezi yao wenyewe, na watafiti wengine wanahisi kwamba mwili huendelea kuila tezi iliyojeruhiwa. Hilo la mwisho lingesaidia kueleza kwa nini kwa wagonjwa wengi homoni hupungua pole pole kwa miaka badala ya kukatika siku moja.

Sasa tumtazame mgonjwa mmoja kwa karibu. Mama huyu nimemjenga kutokana na sura ya kawaida ya ugonjwa. Si mtu fulani, lakini kila kinachompata kinafahamika na madaktari wa homoni popote. Ana miaka 38. Miaka tisa iliyopita alijifungua mtoto wa nne kwenye zahanati ya kijijini. Mtoto alitoka salama, kondo la nyuma likagoma. Khanga tatu zikalowa, akapakiwa kwenye gari la mizigo hadi hospitali ya wilaya, akafika hajitambui. Kondo likatolewa kwa mkono, akaongezewa damu chupa mbili, akazinduka. Siku ya tano aliruhusiwa.

Siku zile matiti hayakujaa. Mama aliyejifungua huyajua mambo haya vizuri: siku ya tatu au ya nne kifua huwa kizito, hukaza, maziwa yakadondoka hata mtoto akilia chumba cha pili. Kwake hakukuwa na lolote. Matiti yalikuwa laini kama kabla ya mimba. Bibi akampikia uji wa pilipili manga, shangazi akaleta supu, mtoto akawekwa kifuani mara kwa mara, akavuta na kulia. Wiki ya pili akaanzishiwa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji. Wengine walisema ni kijicho, wengine wakasema damu iliyomwagika ndiyo iliyochukua maziwa. Hao wa pili walikuwa karibu na ukweli kuliko walivyojua.

Hedhi haikurudi. Mwaka wa kwanza hakushtuka, kwa kuwa wanawake wengi hukaa muda mrefu bila kuona siku zao baada ya uzazi. Ila wale huchelewa kwa sababu wananyonyesha, na yeye hakunyonyesha hata siku moja. Mwaka wa pili mume alitaka mtoto mwingine. Mwaka wa tatu nywele za kwapani na za sehemu za siri zilikuwa zimepukutika, jambo ambalo hakumwambia mtu yeyote kwa haya. Ngozi ya uso ikapauka, ikaingia mikunjo myembamba pembeni mwa macho. Akawa anajifunika kitenge mchana wa jua kali. Shambani alikuwa akichoka kabla ya wenzake, akapewa jina la mvivu, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Katika miaka hiyo alikwenda vituo vya afya mara nyingi. Alipimwa damu, ikaonekana pungufu, akapewa vidonge vya madini ya chuma. Havikusaidia, kwa sababu upungufu wake haukutokana na kukosa chuma. Uboho hutengeneza damu vizuri pale tu homoni za thairoidi na kortisoli zinapokuwepo. Alipolalamika kukosa hedhi aliambiwa ukomo umemjia mapema. Alipokuwa akisinzia na kuongea polepole aliandikiwa dawa za sonona. Hakuna hata mmoja kati ya waliomwona aliyekuwa mzembe. Kila mmoja alitibu dalili iliyokuwa mbele yake.

Kilichomfikisha hospitali kubwa ni homa ya siku mbili na kutapika. Alifika hajitambui, presha 80 kwa 50, sukari ya damu 2.1, yaani chini mno. Akachomwa sukari ya mshipani, akafumbua macho, na baada ya saa chache akarudi kule kule. Kipimo cha malaria kilikuwa hasi. Majibu ya chumvi za damu yalionyesha sodiamu 118, wakati kwa mtu mzima haitakiwi kuwa chini ya 135. Daktari wa zamu aliona mambo matatu pamoja: presha isiyopanda kwa dripu, sukari inayoshuka tena baada ya kupandishwa, na sodiamu iliyo chini. Mambo hayo matatu kwa mtu mmoja yanapaswa kumfanya daktari yeyote afikirie upungufu wa kortisoli. Akamgeukia dada wa mgonjwa, kisha, mgonjwa alipopata nafuu kidogo, akamuuliza mwenyewe.

“Mama, huyu mtoto wa mwisho ulimnyonyesha kwa muda gani?”

“Hakunyonya, daktari. Maziwa hayakutoka kabisa.”

“Na baada yake umewahi kuziona siku zako?”

“Sijaziona tena.”

“Siku ya kujifungua ulitokwa na damu?”

“Nyingi. Walisema nimekufa.”

Maswali hayo matatu hayagharimu chochote, na kwa maoni yangu yana thamani kuliko picha yoyote itakayopigwa baadaye. Daktari hakungoja majibu ya maabara. Alichukua damu ya kupima kortisoli, akaiweka kando, papo hapo akamchoma haidrokotisoni miligramu 100 kwenye mshipa, ikaendelezwa kwa miligramu 50 kila baada ya saa sita, pamoja na dripu ya maji ya chumvi na sukari. Katika hali hii kusubiri jibu la maabara ni kumwacha mgonjwa afe. Na dozi chache za haidrokotisoni zikitolewa kwa mtu ambaye kumbe hakuzihitaji, madhara yake ni madogo.

Hata hivyo tiba hii ina mtego ambao daktari lazima aukumbuke. Sodiamu ya mgonjwa huyu ilishuka kwa sababu bila kortisoli mwili huyazuia maji, nayo yakaizimua chumvi iliyopo. Akipewa kortisoli, figo hufunguka na maji hutoka kwa wingi, na sodiamu inaweza kupanda kwa kasi kubwa mno. Kupanda haraka kunadhuru ubongo, hasa kwa mtu aliyekaa na sodiamu ya chini kwa muda mrefu. Kwa hiyo mkojo wake ulipimwa kila saa na sodiamu ikarudiwa mara kadhaa kwa siku, kwa nia ya kuizuia isipande zaidi ya 8 kwa saa 24. Siku ya pili asubuhi alikuwa amekaa kitandani akiomba chai.

Majibu ya maabara yanastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa maana hapo ndipo wagonjwa wengi hupotea. Miezi minane kabla, hospitali nyingine ilishashuku thairoidi yake na kumpima TSH. Jibu lilikuwa 1.9, ambalo ni la kawaida kabisa, na karatasi ikaandikwa kwamba thairoidi ni nzima. Kosa halikuwa la maabara. TSH ni amri inayotoka pituitari kwenda thairoidi. Thairoidi yenyewe ikiugua, pituitari hupaza amri na TSH hupanda. Ndiyo maana kipimo hicho kinatosha kwa wagonjwa wengi. Lakini pituitari ikiwa ndiyo iliyokufa, hakuna wa kupaza amri. TSH inaweza kubaki ya kawaida, au kuwa chini, au hata kupanda kidogo tu, wakati homoni ya thairoidi yenyewe imekwisha. Kinachofichua ni kupima FT4 pamoja nayo. Ya mama huyu ilikuwa 5, wakati kiwango cha maabara ile kilianzia 12. FT4 ya chini ambayo TSH yake haikupanda inavyostahili ni ishara kwamba tatizo liko juu, kichwani.

Ndivyo ilivyo kwa jambo la ukomo wa hedhi pia. Mwanamke ambaye ovari zake zimefika mwisho huwa na FSH ya juu sana, kwa sababu pituitari inazihimiza bila kupata jibu. FSH ya mama huyu ilikuwa chini ya 2. Kwa hiyo ovari zake hazikuchoka, hazikuambiwa kitu. Kipimo hicho kimoja, kama kingefanywa miaka sita nyuma, kingetosha kuondoa neno “ukomo” kwenye cheti chake.

Kortisoli iliyochukuliwa kabla ya sindano ilikuwa nanomoli 40 kwa lita. Mtu aliye katika hali mahututi angetakiwa kuwa nayo mamia. Kwa mgonjwa asiye mahututi, kortisoli hupimwa asubuhi mapema, kwa kuwa ndipo inapokuwa juu. Ikiwa chini ya 80 hivi, upungufu karibu ni wa hakika. Ikipita 400 hivi, uwezekano wake ni mdogo. Na katikati huhitajika kipimo cha kuichokoza kwa sindano. Mwanamke anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni asomewe jibu hilo kwa tahadhari, kwani vidonge huongeza protini inayobeba kortisoli na kuifanya ionekane nyingi kuliko ilivyo. Picha ya MRI ilikuja baada ya miezi miwili, mgonjwa akiwa tayari anatembea. Ilionyesha kishimo cha mfupa kikiwa kitupu, kimejaa maji ya ubongo, na ukingo mwembamba wa tezi chini. Picha hiyo ina kazi ya kuthibitisha na ya kuondoa shaka ya uvimbe. Mgonjwa asiye na uwezo wa kuilipia hapaswi kusubirishwa dawa kwa ajili yake.

Tiba ya maisha ina kanuni moja ambayo haivunjwi: kortisoli kwanza, thairoidi baadaye. Homoni ya thairoidi huharakisha kazi za mwili, na pia huharakisha kuondolewa kwa kortisoli kwenye damu. Mgonjwa mwenye kortisoli chache akianzishiwa levothairoksini peke yake, ile akiba ndogo iliyokuwa ikimweka hai huisha, na anaweza kuanguka ndani ya siku chache. Hili ndilo linalofanya ile FT4 ya chini kuwa jambo la hatari mkononi mwa daktari mwenye haraka. Mama huyu alianza na haidrokotisoni, na baada ya kutulia ndipo akapewa levothairoksini mikrogramu 25, ikapandishwa taratibu hadi 100. Dozi yake itaongozwa na FT4 maisha yake yote. Mhudumu atakayeipima TSH, akaikuta chini na kupunguza dawa, atamrudisha kwenye baridi na usingizi.

Vitabu husema haidrokotisoni ya vidonge, miligramu 15 hadi 20 kwa siku, igawanywe mara mbili au tatu, kubwa zaidi ikimezwa asubuhi. Kwenye maduka mengi ya dawa ya kwetu vidonge hivyo ni vigumu kupatikana. Kilichopo karibu kila mahali ni prednisoloni ya miligramu 5. Kidonge kimoja asubuhi kinatosha kwa wagonjwa wengi, wengine hata chini ya hapo. Ni dawa ya bei ndogo, na mgonjwa anaweza kuishi nayo. Tatizo lake kubwa ni sifa yake. Prednisoloni inajulikana mitaani kama dawa ya kunenepesha na kuvimbisha uso, na wauguzi wenyewe huonya watu wasiimeze kwa muda mrefu. Onyo hilo ni sahihi kwa anayemeza nyingi kwa ajili ya pumu au ngozi. Kwa mama huyu kidonge kinajaza kile ambacho mwili wake ungetengeneza wenyewe, na atakayemshauri akiache anamtaka afe bila kujua. Mgonjwa anapaswa kuelezwa tofauti hiyo kwa maneno mepesi, tena mbele ya mume na wazazi, kwa kuwa wao ndio watakaomwambia aache siku akionekana amepona. Hahitaji ile dawa nyingine ya kushikilia chumvi wanayopewa watu ambao adrenali zenyewe zimeharibika; homoni ya chumvi huongozwa na figo, na kwake bado ipo.

Estrojeni hurudishwa mpaka karibu na umri ambao ukomo ungefika, yaani miaka 50 hivi, ili kulinda mifupa, ngozi na tendo la ndoa, na kwa mwenye kizazi lazima iambatane na projesteroni. Mahali pasipo na maandalizi maalumu, vidonge vya kawaida vya uzazi wa mpango hufanya kazi hiyo kwa asiye na presha ya juu wala historia ya damu kuganda. Hapo huzuka fadhaa ya aina yake: mwanamke ambaye ukoo unamlaumu kwa kutozaa anakutwa na vidonge vya majira kwenye mkoba. Hedhi inayorudi kwa vidonge hivyo haina maana kwamba yai linapevuka. Atakayetaka mtoto anahitaji sindano za homoni za kuziamsha ovari, chini ya mtaalamu, na gharama yake ni kubwa. Lakini kizazi na mayai yake vipo, na wapo ambao sehemu ya tezi ilibaki na wakashika mimba wenyewe. Homoni ya ukuaji ni ghali mno kwa wengi, na prolaktini haina mbadala. Maziwa hayatarudi.

Ambacho mgonjwa hapaswi kukisahau hata siku moja ni siku za kuugua. Mwili wa mtu mzima huongeza kortisoli wenyewe ukipata homa. Wake hauwezi, kwa hiyo aongeze yeye: homa ikimpata anameza kidonge asubuhi na kingine jioni mpaka siku moja au mbili baada ya homa kuisha. Akitapika dawa, au akiharisha sana, au akipangiwa upasuaji au kujifungua, vidonge havitoshi tena. Anahitaji haidrokotisoni ya sindano, miligramu 100, mara moja. Dawa hiyo haihitaji kusakwa sana, maana vituo vingi huiweka kwa ajili ya wagonjwa wa pumu; kinachokosekana ni mtu wa kujua kwamba mama huyu anaihitaji. Kwa hiyo atembee na kadi iliyoandikwa ugonjwa wake, dawa zake, na dozi hiyo ya dharura, na mtu mmoja nyumbani ajue kuisoma.

Yapo mambo mawili ya huku kwetu ambayo vitabu vya Ulaya huyapita haraka. La kwanza ni kifua kikuu. Rifampisini, ambayo ni nguzo ya tiba yake, huliamsha ini lichome kortisoli na prednisoloni kwa kasi. Mgonjwa wa Sheehan akianzishiwa dawa za kifua kikuu bila kuongezewa dozi, mara nyingi hadi maradufu, anaweza kuzidiwa ndani ya wiki chache, na watu wakadhani ni kifua kikuu kinachomuua. Inawezekana pia kwamba ugonjwa wenyewe ulikuwa haujajulikana, na ni rifampisini ndiyo iliyoufichua. La pili ni saumu. Prednisoloni hukaa mwilini muda mrefu kuliko haidrokotisoni, na baadhi ya wagonjwa waliotulia hufunga wakiimeza wakati wa daku. Lakini uamuzi huo ufanywe na daktari kabla ya Ramadhani. Aliyelazwa kwa kuzidiwa siku za karibuni asifunge, na aliyefunga akaona kizunguzungu, jasho la baridi au kutapika, afungue hapo hapo na ameze dawa.

Kuhusu kinga, hakuna siri nyingine zaidi ya kuizuia damu mapema. Utafiti uliofanyika katika hospitali zipatazo 80 za Kenya, Tanzania, Naijeria na Afrika Kusini, ukachapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba mfuko wa plastiki wenye vipimo unaowekwa chini ya mzazi, ukifuatwa na tiba zote kwa pamoja badala ya moja moja, yaani kukanda kizazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki, dripu na uchunguzi, ulipunguza madhara makubwa ya kutokwa damu kwa asilimia 60. Huenda sehemu kubwa ya faida ilitokana na kuiona damu. Macho hukosea: damu iliyonywewa na khanga na godoro huonekana kidogo kuliko ilivyo. Utafiti huo haukupima pituitari, lakini kila lita isiyomwagika ni presha isiyoporomoka.

Linalobaki kubishaniwa ni kama kila aliyetokwa damu nyingi apimwe homoni. Mimi siungi mkono. Wengi wao hawataugua, na fedha hizo zina kazi nyingine. Tena kukosa maziwa peke yake hakuthibitishi kitu: mama aliyeishiwa damu, aliyetenganishwa na mtoto kwa siku kadhaa, au aliyebakiwa na kipande cha kondo ndani, naye huchelewa kupata maziwa, na kwa msaada mzuri huja kuyapata. Nakubaliana zaidi na njia nyembamba. Aliyetokwa damu hadi presha kuporomoka aulizwe kuhusu maziwa siku ya nne, na tena siku anapoleta mtoto kliniki kwa chanjo ya wiki ya sita. Akisema hayakutoka hata tone, achukuliwe damu ya kortisoli asubuhi, FT4 pamoja na TSH, na prolaktini. Majibu yakiwa mazuri, aambiwe arudi iwapo hedhi haitaonekana baada ya miezi sita bila kunyonyesha, kwa sababu homoni huweza kupungua baadaye. Muuguzi wa chanjo tayari anauliza mtoto ananyonyaje. Jibu lake kwa sasa huandikwa kwenye kadi ya mtoto, na kadi ya mama hubaki bila neno.